Mgeni rasmi amekaa juu ya picha 2,880

Ile taarifa kwa vyombo vya habari ya filamu ya katuni ya wanafunzi wa sekondari wa Morogoro wengi mmeshaisoma, na filamu yenyewe mmeiona au mmesimuliwa. Filamu ni nzuri. Taarifa ndiyo iliyoiangusha, na iliiangusha katika aya ya kwanza.

Aya hiyo ilianza na cheo cha mgeni rasmi, ikafuata idara yake, kisha wafadhili mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina lake refu. Siku, saa na mahali vikaja aya ya sita, baada ya shukrani. Mtu anayeandikia ubao wa matangazo wa ofisi anaweza kufanya hivyo asidhurike, kwa kuwa karatasi itabaki pale na atakayetaka ataisoma mpaka chini. Redio haifanyi kazi hivyo. Tangazo la jamii hupewa nusu dakika, na msomaji wa Kiswahili asiyekimbia husoma maneno 50 hivi katika nusu dakika. Mhariri mwenye taarifa ndefu mkononi na kipindi kinachoanza hachambui. Anakata kutoka chini. Nilisikia tangazo hilo likisomwa redioni: tuliambiwa nani atahudhuria, hatukuambiwa tuhudhurie wapi.

Nimeshasema katika safu hii, na kuna walionuna, kwamba mgeni rasmi si habari. Huwekwa juu kwa hofu, maana mwandishi wa taarifa anamwogopa mkubwa atakayeisoma kuliko anavyomjali mkulima atakayeisikia. Basi mkubwa awekwe aya ya tatu. Ataliona jina lake tu; yeye ana nakala.

Tazameni kilichofukiwa chini. Aya ya tano inasema filamu ni ya dakika 4 na kwamba sekunde moja imetumia picha 12. Mwandishi akaishia hapo, hesabu akatuachia sisi. Sekunde 240 mara 12 ni picha 2,880, na vijana wamezichora kwa mkono, nyuma ya meza za darasa. Kwa wanaojua kazi hii, sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na mchoraji wa katuni hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili ili apunguze kazi nusu. Hata baada ya kupunguza, zimebaki 2,880. Hiyo namba ndiyo ingemfanya mhariri wa Dar es Salaam asitupe karatasi. Na kulikuwa na ndoano nyingine: katuni inasimulia mto unaoshuka Uluguru, na Mto Ruvu unaoanzia milima hiyo ndio unaowanywesha wakazi wa Dar. Msomaji wa Kinondoni ana sababu yake ya kuijali filamu hii, lakini taarifa haikumpa hata sentensi.

Aya ya kwanza ingekuwa hivi: “Jumamosi saa 1:00 usiku, katika uwanja wa shule, wanafunzi wa sekondari wataonyesha bure filamu ya katuni waliyoichora picha kwa picha, picha 2,880, kuhusu mto unaoshuka Uluguru.” Inasomwa kwa robo dakika. Weka jina la shule na tarehe, na hata mhariri akikata yote yaliyobaki, watu watafika.

Wazee wetu walilijua hili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa wiki 12. Kikundi kisichojua siku na saa ya kipindi kisingekuwa kikundi, kwa hiyo ratiba ndiyo iliyobeba kampeni nzima. Leo tuna simu kila mfukoni na tunaficha saa ya onyesho chini ya shukrani.

Nikirudi kwenye taarifa, picha iliyoambatishwa ilikuwa safi, na namba ya simu ya mwalimu ilipokelewa nilipopiga. Daraja la Bodi ya Filamu halikutajwa, ingawa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 haibagui katuni, na mzazi ana haki ya kujua umri unaoruhusiwa.

Kosa dogo lililozaliwa na lile kubwa la kuficha saa na mahali ni usafiri. Wanaoonyeshwa katika katuni ni watu wa mlimani, na onyesho liliwekwa mjini usiku. Mtu wa Mgeta akishuka kulitazama, gari la kumrudisha halipo mpaka asubuhi. Kama mwandishi angeanza na saa na mahali, angelazimika kuliona hilo akiwa bado ana kalamu mkononi, na pengine angepigania onyesho la pili huko juu, siku ya gulio, ndani ya darasa lililofunikwa madirisha ili projekta ionekane mchana.