Ndui Haikuteka Mji Peke Yake

Kuna picha moja ambayo makala nyingi kuhusu maradhi na ukoloni huiazima. Watu wamelala kwenye mikeka, miili yao imejaa vipele. Mwanamke ameinama akimhudumia mgonjwa. Karibu na mdomo kuna alama ndogo iliyojikunja, ambayo kwa wachoraji wa huko ina maana kwamba mtu anasema neno. Picha imo katika kitabu cha kumi na mbili cha Kodeksi ya Florensi, kazi kubwa ambayo mtawa wa Kihispania Bernardino de Sahagún aliikamilisha karibu 1577 pamoja na waandishi na wachoraji Wanahua, wenyeji wa katikati ya Mexico. Inaonyesha ndui ya 1520 mjini Tenochtitlan, makao makuu ya Waazteki.

Nina ugomvi na jinsi picha hii inavyotumiwa. Huwekwa juu ya hadithi ambayo sote tumeshaisikia: Wahispania wachache walishuka melini, vijidudu vyao vikatangulia mbele, na himaya nzima ikaanguka. Jared Diamond ndiye aliyeisambaza zaidi, kwa kitabu chake cha 1997 kuhusu bunduki, vijidudu na chuma. Tumtendee haki: hakusema ni maradhi tu, alitaja pia farasi, panga na maandishi. Lakini kilichobaki vichwani mwa wasomaji wengi ni kijidudu, maana kijidudu hakina nia, na asiye na nia hashtakiwi.

Tuanze na njia ambayo ndui ilipitia. Kolombo alifika visiwa vya Karibi mwaka 1492, lakini ndui haikurekodiwa katika kisiwa cha Hispaniola hadi mwishoni mwa 1518. Sababu moja ni ya hesabu rahisi. Mtu akiambukizwa hukaa kama siku 12 kabla ya kuugua, kisha wiki kadhaa baadaye huwa amekufa au amepona, na aliyepona hawezi kuugua tena. Safari ya kuvuka Atlantiki kwa tanga ilichukua wiki nyingi. Ili ugonjwa ufike ng'ambo, ulihitaji watu kadhaa melini wasiowahi kuugua, wapokezane kama kijiti. Mabaharia wengi wa Ulaya walikuwa wameshaugua utotoni.

Kwa hiyo ndui ilipotua Hispaniola, Wataino wa kisiwa hicho walikuwa wamekwisha kupungua vibaya mno. Robo karne ya migodi ya dhahabu, kazi ya kulazimishwa, njaa na vita ilikuwa imepita. Huenda maradhi mengine yalikuwa yamechangia, lakini ndui ilimkuta mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Kutoka visiwani ikavuka kwenda Mexico mwaka 1520, ndani ya msafara wa Pánfilo de Narváez. Narváez hakwenda kupigana na Waazteki. Alitumwa na gavana wa Kuba kumkamata Hernán Cortés, aliyekuwa ameasi amri. Ugomvi wa Wahispania kwa Wahispania ndio ulioleta mauti kwa watu wasiohusika nao.

Hapa mpangilio wa matukio una uzito. Mei 1520 askari wa Cortés, wakiongozwa na Pedro de Alvarado, waliwaua wakuu wa Waazteki waliokuwa wakicheza ngoma ya sikukuu hekaluni, wasio na silaha. Mji ukainuka. Usiku wa Juni 30 Wahispania walifukuzwa, mamia wakafa wakikimbia juu ya njia za ziwani. Ndui ilikuwa bado haijaingia mjini. Waazteki wenye afya walikuwa wamewashinda.

Ugonjwa ulifika majira ya vuli na kukaa mjini siku 60, kwa mujibu wa Kodeksi. Ndui kali huua karibu watatu kati ya kumi hata wakiuguzwa. Lakini pale ambapo hakuna mtu mzima aliyewahi kuugua, nyumba nzima hulala kwa wakati mmoja. Hakuna wa kuteka maji, hakuna wa kusaga mahindi. Wanahua waliosimulia wanasema wengi walikufa kwa njaa, kwa kukosa wa kuwalisha. Ndiyo maana naona yule mwanamke kwenye picha ana umuhimu kuliko vipele. Mfalme Cuitláhuac, aliyeongoza ushindi wa Juni, alikufa baada ya kutawala siku 80 hivi.

Basi ndui iliwapa Wahispania ushindi? Jibu rahisi linakwama mahali paitwapo Tlaxcala. Hiyo ndiyo dola iliyowapokea Wahispania walipokimbia, ndiyo iliyotoa makumi ya maelfu ya wapiganaji, na nayo ilipigwa na ndui ileile. Maxixcatzin, mmoja wa watawala wake wakuu na rafiki mkubwa wa Cortés, aliuawa nayo. Kama kinga ya mwili ingekuwa ndiyo kila kitu, jeshi la washirika lingesambaratika pia.

Tofauti ilikuwa katika nani aliyejaza viti vilivyobaki wazi. Cortés mwenyewe aliandika kwa mfalme wake kwamba watawala wengi wamekufa kwa ndui na kwamba wenyeji walimwomba awateue warithi. Tlaxcala alimthibitisha mtoto wa Maxixcatzin, mvulana wa miaka 12 au 13. Kijidudu kiliua bila kuchagua, mwanasiasa alichagua. Na Watlaxcala nao hawakuwa vibaraka: walikuwa wamezingirwa na Waazteki kwa miongo, wakinyimwa hata chumvi, nao walikuwa na hesabu zao za kulipa.

Vita vya mwisho vinaonyesha vivyo hivyo. Wahispania walitengeneza merikebu ndogo 13, mbao zake zikabebwa kwa vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Tlaxcala hadi Texcoco, mji mwingine uliokuwa umegeuka. Maji ya kunywa kutoka Chapultepec yakakatwa. Mji uliokwisha kuzika watu wake ulipigana, chini ya Cuauhtémoc, zaidi ya siku 70, wakila mijusi na ngozi, hadi Agosti 13, 1521.

Wapo waliokwenda upande wa pili. Mwanahistoria Francis Brooks alidai mwaka 1993 kwamba ndui hiyo ilikuzwa mno na watawa, na huenda haikuua wengi kiasi hicho. Simfuati. Ushuhuda wa Wanahua haufanani na hadithi ya kuazima. Una majina ya miezi yao, una mtu asiyeweza kugeuka kwenye mkeka bila kupiga kelele. Kosa si kuamini kwamba ndui iliua, bali kudhani kwamba kuua na kuteka ni kitu kimoja.

Tena mapigo mabaya zaidi yalikuja baadaye, chini ya utawala wa Kihispania: 1545 na 1576, maradhi ambayo Wanahua waliyaita cocoliztli. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kupata chembe za urithi za bakteria wa jamii ya homa ya matumbo kwenye meno ya watu waliozikwa Oaxaca wakati wa pigo la kwanza. Wakati huo hakukuwa na mji wa kuteka. Kulikuwa na kodi, kazi za lazima, na watu waliohamishwa kutoka vijiji vyao.

Pigo la 1576 liliwakuta wachoraji wa Sahagún wakiwa katikati ya kazi. Kurasa nyingi za mwanzo za Kodeksi zimepakwa rangi. Za kitabu cha kumi na mbili, karibu zote hazina. Wataalamu wengine wanadhani rangi ziliadimika kwa sababu ya ugonjwa. Wagonjwa wa 1520 wamelala pale kwa wino mweusi tu, wamechorwa na watu ambao nje ya mlango wao watu wengine walikuwa wakifa.