Asilimia 12 hadi 7: wasifu wa mgombea bodi ulivyopimwa

Muuguzi mmoja aliniletea karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Alikuwa anagombea ujumbe wa bodi ya SACCOS ya watumishi wenzake baada ya kukaa miaka mitatu kwenye kamati ya mikopo. Msimamizi wa uchaguzi alitaka kila mgombea alete wasifu usiozidi ukurasa mmoja, ubandikwe ubaoni kabla ya mkutano mkuu na usomwe siku yenyewe. Jina lake naliacha, na tarakimu nimezibadilisha ili chama kisitambulike. Hesabu zenyewe zilikwenda hivi hivi.

Rasimu ilijaa sifa: mwadilifu, mchapakazi, mcha Mungu, mpenda maendeleo. Sina shaka kwamba zote ni za kweli, ila mpinzani wake angeweza kuinakili karatasi ile, akabadilisha jina na shule, na isingemkataa. Sentensi moja tu ndiyo isingenakilika: “Nikiwa kamati ya mikopo, mikopo iliyochelewa ilishuka kutoka asilimia 12 hadi 7.” Hiyo ndiyo iliyotuchukulia jioni nzima.

Nilimwomba makabrasha ya mkutano mkuu wa mwaka alipoingia kwenye kamati na ya mwaka huu. Kwanza nilitaka kujua chama chake kinahesabuje ucheleweshaji, maana hapo ndipo vyama vingi hujidanganya. Mwanachama anayedaiwa shilingi milioni 3, akikosa marejesho mawili ya 150,000, wapo watakaoandika kwamba kilichochelewa ni 300,000. Hesabu sahihi, na ndiyo iliyomo katika vipimo vya PEARLS vinavyotumiwa na vyama vya akiba na mikopo duniani, huchukua salio lote, yaani milioni 3, kwa sababu mtu aliyeshindwa rejesho la leo anaweza kushindwa na la kesho. Vipimo hivyo hutaka salio la mikopo iliyochelewa lisizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Chama cha muuguzi wetu kilihesabu vizuri, kwa hiyo tukasonga mbele.

Mwaka alioingia, wanachama walikuwa wanadaiwa jumla ya milioni 420, na salio la mikopo iliyochelewa lilikuwa milioni 50.4. Hiyo ni asilimia 12 kamili. Mwaka huu mikopo yote ni milioni 560 na iliyochelewa ni milioni 39.2, asilimia 7. Mpaka hapo sentensi yake inasimama. Lakini ndani ya taarifa ya fedha, ukurasa ambao wengi huupita wakitafuta gawio, palikuwa na mstari mmoja: mikopo iliyofutwa vitabuni, milioni 9.

Mkopo ukifutwa vitabuni mdaiwa hajalipa kitu. Umeondolewa tu kwenye hesabu, na asilimia inashuka bila senti kuingia. Tukairudisha ile milioni 9 pande zote mbili: iliyochelewa ikawa milioni 48.2 kati ya 569, yaani karibu asilimia 8.5. Tena ukitazama fedha yenyewe, deni lililochelewa lilitoka milioni 50.4 likafika 48.2. Limepungua kwa milioni 2.2 tu katika miaka mitatu. Kilichoshusha asilimia zaidi ni kwamba chama kilikopesha sana, na mikopo mipya ikalifunika deni la zamani. Mama wa watu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwa hiyo hatukufanya kitu?”

Walifanya, ila sentensi yake ilipima kitu kingine. Deni lile kubwa lilikuwa la mikopo iliyotolewa kabla hajaingia. Kamati ya mikopo hupimwa kwa mikopo iliyoipitisha yenyewe, kwa hiyo tulirudi kwenye rejista tukahesabu. Katika miaka yake ilipita mikopo 204. Tukaondoa 24 ambayo haikuwa imefikisha miezi sita, kwani mkopo wa juzi haujapata nafasi ya kuchelewa na ukiuhesabu unajipendelea. Ikabaki 180. Kati ya hiyo, iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilikuwa 7, kama asilimia 4. Kazi yake ilionekana hapo. Sababu nayo ilikuwapo kwenye mihutasari: kabla ya kupitisha mkopo, kamati ilianza kujumlisha dhamana zote ambazo kila mdhamini ameshaweka kwa watu wengine. Zamani mtu mmoja mwenye akiba ya milioni 2 aliweza kuwadhamini watano kwa akiba ile ile. Neno “nikiwa” nalo tulilifuta tukaandika “kamati yetu”, kwa kuwa walikuwa watu watano.

Neno “mwadilifu” lilikuwa gumu zaidi kulipatia ushahidi. Mwishowe tuliupata kwenye mihutasari. Mara tatu palikuwa na mstari unaosema mjumbe huyu alitangaza uhusiano wake na mwombaji, akatoka nje, akarudi baada ya uamuzi. Moja ya maombi hayo lilikataliwa, na mwombaji alikuwa shemeji yake. Alitaka kuliandika kwa fahari. Nilimkatalia, kwa sababu mkopo wa mwanachama ni siri yake, na katika chama kidogo ukisema “shemeji” umeshataja jina. Tuliandika: “Mara tatu nilitoka kikaoni ombi la mtu wangu wa karibu lilipojadiliwa, mihutasari inaonyesha.” Tukaweka tarehe za vikao ili kamati ya usimamizi iweze kuhakiki.

Kisha nikamuuliza kuhusu mkopo wake mwenyewe. Alikopa milioni 4, salio limebaki milioni 1.6, na aliwahi kuchelewa miezi miwili akiwa kwenye kamati hiyo hiyo, akalipa yote mwezi wa tatu. Hili hakutaka liandikwe hata kidogo. Lakini wadhamini wake walipata barua wakati ule, na barua ya aina hiyo haikai kwa mtu mmoja. Jambo ambalo watu sita wanalijua, ukilificha wewe, litasimuliwa na mpinzani wako, tena kwa namna yake. Likaingia kwa maneno kumi na manne.

Tulichokifuta bila mjadala ni ahadi ya kuongeza gawio. Gawio hutoka kwenye ziada baada ya hesabu kukaguliwa, na huidhinishwa na mkutano mkuu. Mjumbe mmoja wa bodi hana mamlaka ya kuliahidi, na anayeliahidi ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua.

Alishinda, wa tatu katika nafasi tatu. Mkutanoni mzee mmoja alimuuliza juu ya ile miezi miwili, akajibu kwa sentensi moja, na swali likaishia hapo.

Hata hivyo wasifu ule ulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ni yangu. Wasifu ulibaki na sentensi ya mikopo iliyofutwa, nami niliiandika kwa ajili ya msomaji aliyesimama mbele ya ubao na kalamu mkononi. Iliposomwa kwa kipaza sauti, ikiwa na tarakimu nne mfululizo, ukumbi ulianza kunong’ona, na nadhani ni wachache waliosikia kwamba zile asilimia 7 zingekuwa 8.5. Ilitosha kusema: “Milioni 9 kati ya deni lililoondoka hazikulipwa, zilifutwa.”