Rangi Iliyobaki Vidoleni

Mwaka jana rafiki yangu alikuwa anahamia Ujerumani, nami nikataka kumpa kitu cha kubeba. Nikaenda kwenye vibanda vya vinyago hapa Nakuru, vile ambavyo sisi wa mtaani huwa tunavipita tu kama havituhusu. Nilichagua Mmaasai mmoja mwembamba, mrefu kama mkono wangu, mkuki mkononi, mweusi tititi.

"Mama, hii ni mpingo kweli?"

"Ni eboni orijino, mwanangu. Ishike tu, utaskia uzito."

Niliishika, nikaskia ninachotaka kuskia, nikalipa. Usiku nilipokuwa naifunga kwa karatasi nyeupe, karatasi ikawa na alama za vidole vyangu. Vyeusi. Nilinusa: kiwi ya viatu.

Nilikasirika, sitadanganya. Lakini hasira hiyo ndiyo imenifanya nimwangalie yule Mmaasai kwa karibu miezi kadhaa (rafiki yangu alipewa kikapu), na kadiri ninavyomwangalia ndivyo ninavyoona kwamba nilimuuliza mama swali moja nikiwa nimebeba mawili. Moja lilikuwa kuhusu mti. La pili, ambalo sikulitamka, lilikuwa: je, hiki ni kitu cha Kiafrika cha kweli? La kwanza lina jibu. La pili ndilo lililotuletea kiwi.

Tuanze na lenye jibu. Kwenye vibanda vyetu, kinachoitwa eboni huwa ni mpingo, ambao wataalamu wa mimea wanauita Dalbergia melanoxylon. Ni mti mdogo, uliopindapinda, na huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia ukubwa wa kukatwa. Nje ya shina kuna tabaka jembamba lenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Ndani ndiko kuna kiini cheusi chenye kivuli cha zambarau. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa kilo 1,200 hivi, wakati ya maji ni kilo 1,000. Kwa hivyo mpingo huzama. Nilimtia Mmaasai wangu kwenye karai, akaelea kama mtu aliyekuja Mombasa kupumzika.

Kisha nikamgeuza, nikakwangua chini ya miguu kwa ncha ya kisu, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Milimita moja tu ndani, mti ulikuwa mweupe wa krimu. Hii ni dalili ya mjakaranda, ule ule unaomwaga maua ya zambarau kwenye barabara za Milimani. Karibu na kifundo cha mguu kulikuwa na mstari mwembamba uliojazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Huo ni ufa. Mjakaranda huchongwa ukiwa bado mbichi kwa sababu ni laini na kazi inaenda haraka. Ukikauka baadaye, unapasuka. Kiwi nyeusi inafanya kazi mbili kwa mpigo: inabadilisha jina la mti na inaficha ufa.

Kufikia hapo mimi ni mteja aliyepigwa, basi. Ila swali la pili bado lipo.

Huyu Mmaasai, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuchongwa na Mmaasai. Vinyago vingi vya mbao unavyoviona kuanzia vibanda vya pale juu ya bonde, barabara ya kushuka Naivasha, hadi hapa mjini, ni kazi ya mikono ya Wakamba. Chimbuko lake ni Wamunyu, kule Machakos. Masimulizi yanayorudiwa sana yanamtaja Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu aliyejikuta Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ufundi. Wakamba walikuwa tayari wanachonga viti vya miguu mitatu na vyombo vya nyumbani. Munge akaanza kuchonga watu na wanyama, na wanunuzi wakawa Wazungu wa enzi ya ukoloni. Kutoka kwa mtu mmoja ikawa kazi ya kijiji, kisha vyama vya ushirika, Wamunyu na Changamwe, Mombasa.

Kwa hivyo hesabu yangu ni hii: sanamu ya Mmaasai, iliyochongwa na Mkamba, kwa ufundi uliotoka Tanganyika, kwenye mti uliotoka Amerika Kusini, ikauzwa Nakuru ili iende Ujerumani. Msomi fulani angecheka na kuiita sanaa ya uwanja wa ndege, maana yake kitu kisicho na kwao. Wengi wetu tunakubali hukumu hiyo bila kuihoji. Tunasema vya kweli ni vile vya makumbusho, hivi vya barabarani ni feki.

Lakini nenda kwa Wamakonde, ambao jina lao ndilo muhuri wa ukweli katika biashara hii, uone kama kipimo hicho kinasimama. Wamakonde wana kinyago cha unyago na jando kiitwacho lipiko, kwa wingi mapiko. Mchezaji hukivaa kichwani na kucheza nacho kwa muda mrefu, kwa hivyo huchongwa kwa mti mwepesi. Mpingo ungemvunja shingo. Maana yake, lile barakoa jeusi zito unaloliona ukutani kwenye hoteli, likiwa ni mpingo halisi kabisa, halikuwahi kuchezwa na haliwezi kuchezwa. Uzito wake, ambao muuzaji anautaja kama ushahidi wa asili yake, ndio ushahidi kwamba lilichongwa liuzwe.

Na zile sanamu za shetani, zenye jicho moja na viungo vinavyopinda kama moshi? Hizo zilianza Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1950. Anayetajwa kama mwanzilishi ni Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, na aliyemtia moyo na kununua kazi ni mfanyabiashara Mohamed Peera. Mila haikuwa imeagiza shetani wa mpingo. Aliagizwa dukani, na mchongaji akaitumia nafasi hiyo kuchonga kitu ambacho babu yake hakuwahi kukiona. Leo hakuna mkosoaji mwenye akili anayeziita feki.

Kwa hivyo soko halikuja kuharibu sanaa hii iliyokuwa imekaa kwa amani. Soko lilikuwepo tangu siku ya kuzaliwa. Anayetafuta kinyago cha mpingo kisichoguswa na pesa anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo, na anayemuuzia atalazimika kumtungia.

Hapo ndipo kiwi inapoingia, na hapo ndipo ninapomwonea mama wa kibanda huruma kidogo. Wakamba walijenga biashara yao hasa juu ya muhugu, na mpingo kwa kazi za bei. Muhugu ulikatwa hadi kufikia miaka ya 1990 wachongaji walikuwa wanautafuta mbali na kwa shida. Watu wa uhifadhi wakaanza kuwahimiza wahamie miti inayokua haraka na iliyopandwa na watu: mwarobaini, mwembe, mjakaranda. Nao mpingo, pamoja na ndugu zake wote wa Dalbergia, uko chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa wa CITES tangu Januari 2017. Kwa maneno mengine, yule Mmaasai wangu wa mjakaranda ndiye kinyago chenye dhamiri safi zaidi kwenye rafu nzima. Hakuna mti wa miaka 80 uliokufa kwa ajili yake. Angeweza kusimama pale na rangi yake ya krimu, akiwa na jina lake.

Lakini hakuna anayemnunua akiwa na rangi hiyo. Mgeni anataka Afrika nyeusi, nzito, ya kale. Mimi pia, niliyezaliwa hapa hapa, nilitaka hivyo hivyo. Mchongaji alifanya alichoambiwa na watu wa misitu, kisha akalazimika kukificha ili watu wa kamera wamlipe. Uongo wa kiwi ni wa muuzaji, sawa, ila mahitaji ya uongo huo ni yetu.

Sasa, sisemi kila kitu ni sawa. Kuna ubaya wa kweli kwenye rafu hizo na unaonekana ukijua pa kuangalia. Mgeuze Mmaasai wangu mgongo. Mbele ana shanga zilizochorwa kwa kisu moja moja. Nyuma shuka yake ni ubao tu, imepigwa msasa na kuachwa. Mkuki na mkono havijaachana vizuri, kama vidole vya mtu aliyevaa soksi mkononi. Hii ni kazi ya bei ya dazeni: mmoja anakata umbo kwa tezo, mwingine anachora uso, mwingine anapiga msasa na rangi, na kila mmoja analipwa kwa idadi. Anayelipwa kwa idadi hana sababu ya kumaliza mgongo.

Kwenye kibanda hicho hicho, rafu ya chini, kulikuwa na mwanamke wa mpingo halisi, mdogo kuliko kiganja. Mchongaji alikuwa ameacha lile tabaka jeupe la nje likapita upande mmoja wa kichwa na kushuka begani, likawa kitambaa. Hakuna rangi iliyopakwa. Alikuwa ameusoma mti kabla ya kuukata. Nilimuuliza mama nani alichonga. Akasema, "Hao ni Makonde tu."

Neno hilo "tu" limenikaa. Wamakonde walikuja Kenya kutoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge pwani. Kwa miongo mingi jina lao liliuzwa kwenye maduka yetu wakati wao wenyewe hawakuwa na kitambulisho cha nchi hii. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Kinyago kilikuwa halisi miaka yote hiyo. Aliyekichonga ndiye alitakiwa kuthibitisha kuwa yupo.

Nilirudi wiki iliyopita. Mama bado yuko, na nilimwambia kuhusu karai. Alicheka hadi akashika meza. Kisha akaniletea kutoka nyuma Mmaasai mwingine, ambaye hajapakwa bado, rangi ya krimu, mistari ya mti ikipita kifuani kama mbavu. Alikuwa mzuri kuliko yule wa kwanza, wallahi.

"Huyu hawezi kuuzika," akasema.

Nilimuuliza bei. Nikamuuliza pia jina la aliyemchonga, na safari hii aliingia ndani kutafuta simu ampigie.