Kabla ya Kuivaa, Jua Itakavyotoka

Pete ya dhahabu ikibana, sonara huikata upande wa chini, hutia kipande kidogo, hulehemu, kisha hupiga msasa hadi mshono usionekane. Pete za tangsteni, titani na kauri hazitengenezeki hivyo. Kwa hiyo pete ya aina hii mimi huipima kwanza kwa swali ambalo wauzaji wengi hawaligusi: siku kidole kikivimba, itatoka vipi? Jibu linategemea imetengenezwa kwa nini hasa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu zote tatu zinaweza kuwa nyeusi na kung'aa vilevile.

Anza kwa mizani. Chukua pete ya upana wa milimita 8, unene wa kama milimita 2, na tundu la milimita 19.8, ambayo ni saizi 10 ya Kimarekani. Ya tangsteni itakuwa na gramu 16 hivi, karibu sawa na dhahabu ya karati 18. Ya kauri haifiki nusu ya hapo, na ya titani ni gramu 5 tu. Ukiambiwa ni titani na mizani ikasoma gramu 9, unauziwa kitu kingine, pengine chuma cha pua. Kauri utaitambua pia kwa ngozi: haina ule ubaridi wa metali unapoigusa.

Inayoitwa tangsteni kwa kweli ni tangsteni kabaidi, unga mgumu uliogandamizwa na kuokwa pamoja na metali ya kuushikamanisha. Nzuri hushikamanishwa kwa nikeli. Ya bei ya chini huwekwa kobalti, ambayo jasho huila na kuacha uso umefifia. Sumaku ikiivuta kwa nguvu, iache dukani. Ikiwa nyeusi, chunguza ukingo wa ndani, maana weusi wa tangsteni ni utando wa juu tu na siku moja utakwaruzika. Kauri iliyo bora ni nyeusi mpaka ndani.

Ugumu huohuo unaozuia mikwaruzo ndio unaozuia kupanuliwa. Dhahabu ikivutwa hujinyoosha. Tangsteni kabaidi na kauri hazijinyooshi hata kidogo. Zikizidiwa hupasuka. Titani haipasuki, lakini ikipata moto wa sonara hunyonya hewa na kuwa dhaifu, na ikivutwa hurudi ilipokuwa. Fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kuichonga kwa ndani: saizi moja ni milimita 0.8 za kipenyo, yaani 0.4 kila upande, kwa hiyo unene wa milimita 2 hubaki 1.6. Hapo napendekeza mtu aishie. Kuipunguza saizi haiwezekani.

Basi pima kidole jioni, mwili ukiwa na joto, kwa kipimo chenye upana uleule wa pete unayoitaka. Pete pana hubana zaidi ya nyembamba.

Kidole kikishavimba, inua mkono juu ya kifua, utie kwenye maji baridi, paka sabuni, uzungushe pete taratibu. Ikikataa, pitisha ncha ya uzi chini ya pete kuelekea kiganjani, kisha sehemu ndefu uizungushe kwa kubana kuanzia kwenye pete hadi kuvuka kifundo cha kidole. Ukiufungua kutoka ile ncha ya chini, pete husogea nao. Kidole kikiwa cha buluu, kimepauka au kimekufa ganzi, au kimevunjika, usijaribu uzi, kimbilia hospitali.

Pale ndipo aina ya pete huamua. Msumeno mdogo wa kukatia pete za dhahabu hauiwezi tangsteni wala kauri. Hizo hupasuliwa kwa koleo linalojifunga, lenye skrubu kwenye mpini. Taya hurekebishwa ziiguse pete bila kuibana, koleo hufunguliwa, skrubu huzungushwa kidogo sana, kisha hufungwa tena. Hurudiwa hivyo, kila mara mahali pengine kwenye duara, hadi mlio wa kupasuka usikike. Kwa kuwa taya husimama pale skrubu ilipowekwa, kidole hakipondwi. Macho yakingwe, na kitambaa kifunike pete, kwani vipande huruka na ni vikali. Baadaye mkono uoshwe kwa maji kabla ya kuguswa.

Titani usiifanyie hivyo kamwe. Haitapasuka, itabonyea na kukibana kidole zaidi. Hiyo hukatwa kwa kisahani cha umeme chenye almasi, huku ngao nyembamba ya chuma ikiwa kati ya pete na ngozi na maji yakidondoshwa mfululizo kupoza, maana joto lake huunguza. Aghalabu hukatwa pande mbili zinazotazamana, kwa sababu kwa mkato mmoja haitaki kutanuka. Ndiyo maana neno la kwanza la kumwambia muuguzi ni jina la metali. Na kama hulijui, mwambie jinsi pete ilivyo nzito.