Siku Mbili za Akiba

Mpangaji hodari wa uzinduzi wa bidhaa haanzi na tarehe ya sherehe. Huanza kwa kuuliza, kazi baada ya kazi: hii inasubiri ipi? Swali hilo ndilo msingi wa njia ya kupanga iliyobuniwa Marekani mwaka 1957 na Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand, nami sichoki kumtazama anayeijua akiifanya kwa kalamu na karatasi.

Tuchukue sabuni mpya. Mchanganyiko unakamilika kwa siku 10. Hapo kazi zinagawanyika: maabara inapima kwa siku 20, huku lebo ikibuniwa kwa siku 8, kisha vifungashio vikichapwa kwa siku 10. Uzalishaji wa siku 6 unasubiri majibu ya maabara na vifungashio pia. Mwisho ni kusambaza madukani, siku 4.

Mpangaji huhesabu kwanza kwenda mbele. Penye kazi inayosubiri mbili, hufuata ile inayochelewa kuisha. Maabara inamaliza siku ya 30, hivyo sabuni inafika dukani siku ya 40. Kisha hurudi nyuma kutoka 40, akitafuta siku ya mwisho ambayo kila kazi inaweza kuisha bila kuathiri uzinduzi. Vifungashio vitakuwa tayari siku ya 28 na vinahitajika siku ya 30: akiba ni siku 2. Mchanganyiko, maabara, uzalishaji na usambazaji hazina akiba hata ya siku moja. Hiyo ndiyo njia nyeti.

Penye ustadi ni hapa. Jedwali litaonyesha siku 2 kwenye lebo, na siku 2 tena kwenye vifungashio. Asiyezoea atadhani ni 4. La, ni akiba moja inayotumiwa kwa pamoja: mbunifu wa lebo akiimaliza, mchapaji hana kitu.

Sasa uchapaji uchelewe siku 5. Vifungashio vinatoka siku ya 33. Siku 2 zinamezwa na akiba, na uzinduzi unasogea siku 3, hadi siku ya 43. Lakini njia nyeti nayo imehama: sasa inapita kwenye lebo na uchapaji, na maabara imepata akiba ya siku 3. Atakayeilipa maabara iharakishe atakuwa amepoteza fedha. Siku hizo 3 zitakombolewa kwenye uchapaji, uzalishaji au usambazaji tu.

Ndiyo maana mchoro uliochorwa mara moja na kutundikwa ukutani haufai. Siku zake ni makadirio, na kila kazi inapochelewa, mpangaji wa kweli hukaa akahesabu upya kabla ya kumharakisha mtu yeyote.