Jinsi ya kupima hatua ya kwanza ya gemu la kuruka

Kuna gemu la simu ambalo vijana wa Bariadi wanalisifu sana siku hizi, na wanaosifu si watoto tu. Watu wanaojua kuandika programu wameniambia kwamba hatua yake ya kwanza inafundisha vizuri. Nimelicheza. Linaanza na mkono mweupe unaogusagusa kona ya kioo, na juu yake sentensi ya Kiingereza inayokuamuru ubonyeze pale ili uruke. Ukibonyeza, gemu linasimama, linakupongeza, kisha linaleta sentensi nyingine. Mchezaji anafika mwisho wa hatua hajaamua jambo lolote yeye mwenyewe. Ukimpa hatua ya pili, isiyo na mkono, anatumbukia kwenye shimo la kwanza. Kazi ya namna hiyo inasifiwa na watu waliosahau, au hawakuwahi kuona, kazi nzuri inavyokuwa.

Kipimo kipo, tena ni cha zamani. Ni hatua ya 1-1 ya Super Mario Bros., gemu la Nintendo lililotoka Japani tarehe 13 Septemba 1985. Wengi wetu huku hatukuliona kwenye mashine ya Nintendo yenyewe. Tuliliona kwenye zile mashine za kuiga, za kaseti za rangi, zilizochomekwa kwenye TV ya chogo ndani ya banda la mabati, enzi Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Wakati wa mauzo ya pamba banda lilijaa mpaka mlangoni. Watoto waliokuwa wakizungumza Kisukuma nyumbani na hawajui sentensi moja ya Kiingereza walishika pedi na baada ya muda mfupi wakawa wanaruka. Hakuna aliyewasomea chochote, maana hapakuwa na cha kusoma. Juu ya kioo kuna MARIO, WORLD na TIME pamoja na namba, basi. Leo mabanda hayo yamekuwa ya mpira wa PS, na sioni kama kizazi hiki kimepata kitu cha kujaza nafasi hiyo.

Sasa tupime. Kanuni ya kwanza: kioo cha kwanza kiwe kitupu. Mario anasimama upande wa kushoto ametazama kulia, na mbele yake kuna ardhi tupu, kilima na kichaka. Adui haonekani, na hata boksi la kwanza la alama ya kuuliza limewekwa nje kidogo ya ukingo wa kulia. Mchezaji anabonyeza kila kitu na hafi. Akienda kushoto, kioo kinamkatalia. Akienda kulia, dunia inasogea. Gemu likianza kwa adui kioo cha kwanza, liweke chini. Sina haja ya kuendelea nalo.

Baada ya hapo anakuja Goomba, na hapa ndipo wachambuzi wote wanapokusanyika. Watakueleza kwamba sura yake ya hasira inakuonya, kwamba ukimgusa unakufa na kurudi karibu, kwamba ukimkanyaga umejifunza. Ni kweli, wala si jambo dogo. Watengenezaji wa gemu, Miyamoto na wenzake, walimwongeza Goomba mwishoni mwishoni mwa kazi, walipoona kobe Koopa ni mgumu mno kuwa adui wa kwanza. Lakini Goomba anafundisha kwamba kitufe cha A ni cha kuruka, na hilo mtoto angeligundua hata kwa kubonyeza ovyo. Mtu akiishia kwa Goomba, ujue hajaitazama kazi yenyewe.

Kazi yenyewe iko kwenye mabomba.

Kwanza uelewe kuruka kwa Mario kulivyotengenezwa. Ukibonyeza A, anaondoka chini kwa kasi ile ile, uwe umegusa kidogo au umekandamiza. Tofauti inakuja angani: kidole kikiwa bado kimeshika na Mario bado anapanda, uzito unaomvuta chini ni mdogo. Kidole kikiachia, uzito unaongezeka hapo hapo, kupanda kwake kunakatika mapema naye anashuka. Kwa hiyo hakuna miruko miwili, mfupi na mrefu. Kuna miruko mingi isiyohesabika kati ya mguso na mshiko, na yote iko kwenye kitufe kimoja. Ukisimama bila kukimbia na kushika mpaka mwisho, unapanda zaidi kidogo ya matofali manne. Hilo ndilo somo gumu la gemu zima, na ni gumu kwa sababu halionekani. Ungeandika sentensi gani kulieleza? “Bonyeza kwa muda mrefu zaidi” haimwambii mtu muda ni kiasi gani.

Angalia basi walivyofanya. Bomba la kwanza lina kimo cha matofali mawili. La pili matatu. La tatu manne. Kati ya la kwanza na la pili hakuna adui kabisa. Kati ya la pili na la tatu kuna Goomba mmoja, na kati ya la tatu na la nne wapo wawili. Sehemu yote hiyo haina hata shimo moja.

Mchezaji anafika bomba la kwanza akiwa na mruko aliojifunza kwa Goomba, na kwa kawaida ni mguso wa haraka wa mtu aliyeogopa. Unagonga ubavu wa bomba. Anarudia, anabonyeza kwa nguvu zaidi kana kwamba nguvu ndiyo inayohesabiwa, na kwa sababu anayebonyeza kwa nguvu huchelewa kuachia, anapita. Bomba la pili linamkatalia tena mruko uliotosha kwa la kwanza. Hapo ana nafasi na muda, na hakuna anayemsumbua. La tatu ndilo mtihani, kwa sababu matofali manne yako karibu na mwisho wa uwezo wake na lazima ashike karibu mpaka mwisho. Akikosa, anateleza chini akiwa mzima, ingawa Goomba yupo, na anajaribu tena. Bomba la nne lina kimo kile kile cha matofali manne, ila sasa kuna Goomba wawili wa kuwakwepa kabla yake. Somo linarudiwa likiwa na usumbufu, na mwalimu mzuri hufanya hivyo.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, usitazame kioo. Tazama kidole gumba. Nilimkalisha mpwa wangu, mtoto wa darasa la tatu ambaye gemu alilozoea ni la mpira, nikamkataza kaka yake asifungue mdomo. Kwenye bomba la kwanza gumba lake lilikuwa linadonoa. Kwenye la pili lilidonoa, likadonoa, kisha likakaa. Mbele ya la tatu alisimama, akalitazama bomba, akabonyeza na kutoachia mpaka Mario alipotua juu. “Mjomba, huyu anataka umshikilie,” akasema. Alilisema kwa maneno yake mwenyewe, na hakulisoma popote. Gemu lolote la kuruka unalotaka kulipima, lipime kwa gumba la mtu ambaye hajawahi kulicheza. Kama gumba halibadiliki kati ya kikwazo cha kwanza na cha nne, hatua hiyo ni mandhari tu.

Matapeli wa kaseti walitupa ushahidi mwingine bila kukusudia. Wanaozikumbuka kaseti zilizoandikwa “9999 in 1” wanajua kwamba magemu halisi humo yalikuwa machache. Yaliyobaki ni yale yale yaliyopewa majina mapya, na ili yaonekane tofauti, baadhi yalifanywa yaanzie dunia ya mbele. Mario ni yule yule, na kitufe ni kile kile. Lakini mtoto aliyeanzia huko alikufa, akafa, akampa mwenzake pedi na kusema gemu baya. Hakuwa amepita kwenye mabomba.

Jambo lingine wachambuzi wanalolikosea ni ngazi. Utasikia kwamba 1-1 inakupa kwanza pengo lenye sakafu, halafu shimo la kweli. Mpangilio huo upo, lakini uko karibu na mwisho. Kabla yake umeshavuka mashimo mawili ya kweli, la upana wa matofali mawili na la matatu, yote ukiruka kutoka ardhini. Ngazi zinafundisha kitu kingine, kuruka ukiwa juu ya kilele chembamba. Jozi ya kwanza ina sakafu katikati, kwa hiyo ukianguka unapanda tena. Jozi ya pili ina shimo, na ukianguka umekufa. Anayechanganya masomo haya mawili asipewe kazi ya kupanga hatua.

Miyamoto na mwenzake Tezuka walichora hatua hizi kwenye karatasi za miraba, na marekebisho wakayachora kwenye karatasi nyepesi waliyoilaza juu yake, kisha karatasi zikaenda kwa waandika programu, akina Nakago, kuingizwa kwenye programu. Kila tofali liliwekwa kwa mkono. Miyamoto ameeleza pia kwamba hatua za mwanzo huzitengeneza baadaye, gemu likishajulikana ni gemu gani. Naichukua hiyo kama sheria: anayeanza na hatua ya kwanza anafundisha kitu ambacho yeye mwenyewe bado hakijui.

Na mafundi hao hao wanajua kuvunja sheria. Mwaka 1986 walitoa Super Mario Bros. 2 ya Japani kwa ajili ya waliokwisha kubobea, na hatua yake ya kwanza tayari ina uyoga wa sumu. Katika 1-1 ya zamani uyoga wa kwanza unatembea kulia, unaanguka, unagonga bomba na kukurudia. Ukitaka kuuruka, matofali yaliyo juu ya kichwa yanakurudisha chini, nao unakupata, nawe unakua, unafurahi. Kwenye gemu la pili imani ile ile inakuua. Ni ufundi, lakini si wa kumpa mgeni.

1-1 nayo ina mapungufu. Hakuna mahali panapokulazimisha kukimbia kwa B, kwani mashimo yote yanavukika kwa mwendo wa kawaida. Kinachokushawishi ni nguzo ya mwisho tu: ukiishika chini kabisa unapata pointi 100, ukiishika kileleni 5000. Wapo waliofika mbali bila kukijua kitufe cha B, na dunia ya nane ikawaumbua. Na kwamba bomba la nne linaingilika ukibonyeza chini, hilo hufundishwi kabisa.

Kwa hiyo, ninyi mnaotengeneza magemu ya simu hapa Simiyu na kwingineko, futeni ule mkono mweupe. Wekeni vikwazo vitatu vinavyopishana kimo, visivyoua, kisha tafuteni mtoto asiyejua kusoma, mkae kimya na mtazame gumba lake.