Kijitabu Kile Hakikuhitaji Jalada Jipya

Waliokuwepo ukumbini Jumamosi ile waliona wenyewe. Kijana alipanga mkusanyo wake mezani, akaeleza kitabu kimoja kimoja, na watu wakampigia makofi. Mwishoni akainua kile chenye jalada gumu jekundu na herufi za dhahabu mgongoni, akasema hicho ndicho anachojivunia kuliko vyote. Makofi yakazidi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani, kwa sababu kile kilikuwa kijitabu cha hadithi cha East African Literature Bureau cha mwaka 1952, na miezi michache nyuma kilikuwa bado na jalada lake la karatasi, pini zake mbili za chuma na pambizo zake kamili. Kukipeleka kwa mjalidi lilikuwa kosa, tena la aina isiyorudishika. Jina la kijana na la kijitabu nayaacha. Nia yangu si kumwaibisha mtu.

Kwingine kote kazi yake ni safi. Aliwaachia wenye fedha akina Krapf na Steere, akashika vijitabu vya miaka ya 1950 na 1960. Anahesabu kurasa kabla ya kulipa. Anaandika bei na mahali alikopata kila kitabu. Ningemaliza hapo kama si lile jalada jekundu.

Turudi kwenye hali ya kijitabu siku aliyokinunua, kama alivyoieleza mwenyewe na kama picha aliyotuonyesha ilivyothibitisha. Alilipa shilingi elfu thelathini. Jalada lilikuwa limefifia na kuchanika pembe ya chini. Pini zilikuwa na kutu, na kutu hiyo imeacha doa la kahawia kuzunguka kila tundu. Karatasi ya katikati ilikuwa imechomoka. Kingo za kurasa zimegeuka kahawia, lakini sehemu ya maandishi bado nyeupe na laini. Juu ya jalada mwenye kitabu wa kwanza aliandika jina lake na darasa lake kwa wino, na ndani, pembeni mwa maandishi, akaweka maana za maneno kwa penseli. Hakuna ukurasa uliopotea. Kwa bajeti ya mtu anayeanza, hicho ni kitabu chema sana, na ningekinunua mimi bila kujadili bei.

Yeye akaona ugonjwa. Akampa mjalidi elfu ishirini na tano na kumwambia akiimarishe. Mjalidi alifanya kile wajalidi wetu wa mjini wanachofanya kwa ripoti za ofisi na tasnifu za chuo: akang'oa pini, akatupa jalada, akakata mgongo kwa gilotini ili kila karatasi isimame peke yake, akapaka gundi nyeupe, akapunguza pande tatu zilizobaki ili zilingane, kisha akavalisha kitambaa. Nimelalamikia gilotini hiyo kwenye safu hii mara nyingi, na nitaendelea.

Tazameni kilichopotea. Katika vijitabu vingi vya aina hii, bei, orodha ya vitabu vingine vya mfululizo, na mara nyingine hata jina la mchapaji, viko kwenye jalada tu. Likishatupwa, huna tena pa kushika unapotaka kulinganisha nakala yako na nyingine na kujua ipi ni chapa ya kwanza na ipi ilikuja baadaye. Kwa mkusanyaji, kijitabu kisicho na jalada lake la asili ni nusu ya kitabu, hata kikivikwa hariri.

La pili ni mkunjo. Kijitabu cha pini kimetengenezwa kwa karatasi pana zilizokunjwa katikati na kuwekwa moja ndani ya nyingine. Kila ukurasa umeungana na mwenzake upande wa pili, na muungano huo ndio nguvu ya kitabu. Ukiukata, unabaki na karatasi moja moja zinazoshikwa na mstari mwembamba wa gundi. Karatasi nyingi za bei nafuu za wakati ule zilitokana na mbao zilizosagwa tu, bila kuondolewa lignini, kwa hiyo zinatengeneza asidi zenyewe kadiri zinavyozeeka na zinazidi kukauka. Gundi nyeupe ikikauka haipindi sawasawa na karatasi ya namna hiyo. Ukikifungua kitabu, karatasi itavunjika pale pale gundi inapoishia. Si leo, lakini itavunjika, na jalada gumu linaharakisha jambo hilo kwa sababu linakulazimisha kukifungua kwa nguvu.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi. Gilotini ilipita katikati ya zile maana za penseli. Kwenye meza niliinama nikaona vipande vya maneno vilivyobaki: herufi mbili hapa, mkia wa herufi pale. Msomaji yule wa kwanza alikuwa akituambia neno gani lilimshinda mwanafunzi wa mwaka ule na alielezwa nini. Wakongwe wetu walijua thamani ya maelezo kama hayo. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya pamoja na William Taylor, na kuyaeleza maneno na mambo yake wakati wapo watu walioyakumbuka. Hichens alipoyachapa Johannesburg mwaka 1940 alisimama juu ya kazi hiyo. Na J.W.T. Allen, aliyekusanya hati za Kiswahili na Kiarabu kwa maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, alihakikisha zimeorodheshwa, na katalogi yake ikachapwa Leiden mwaka 1970. Watu hao walitumia nguvu zao kukusanya na kuandika habari za walichokikuta. Sisi tuna haraka ya kupendezesha.

Alipaswa kufanya nini? Kazi ya jioni moja. Unafungua kijitabu katikati, unainua miguu ya pini kwa kisu butu chembamba, unaivuta kutoka upande wa mgongo polepole, na unafuta unga wa kutu kwa brashi laini iliyo kavu. Kisha unachukua sindano na uzi wa kitani au wa pamba usio na nta ya rangi. Unaingiza sindano kutoka ndani kupitia tundu la kwanza la zamani, unapita nje kwenye mgongo, unarudi ndani kwa tundu la pili, unakaza kiasi, unafunga fundo ndani. Ukifanya hivyo hutoboi tundu jipya hata moja. Ile karatasi iliyochomoka inarudi mahali pake kwa uzi huo huo, mradi mkunjo wake haujakatika. Jalada lililochanika pembeni linaachwa lilivyo, na kitabu kizima kinawekwa ndani ya folda ya karatasi nzito isiyo na asidi. Mifuko ya plastiki iliyozibwa siipendi kwa sisi wa pwani, maana unyevu ulioingia nao hubaki ndani. Na selotepu isikaribie: gundi yake hugeuka njano, hupenya karatasi, na plastiki ikibanduka doa linabaki.

Nadhani shina la kosa ni kwamba kijana hakutenganisha ubaya unaoonekana na ubaya unaoua. Kutu ya pini, jalada lililofifia, jina la mtu, kingo za kahawia: hayo yanashusha bei na ndiyo yanayomruhusu mwenye mfuko mdogo kuingia. Yanayoua ni mengine. Shika pembe ya ukurasa na uipinde kidogo sana, bila kuikunja. Ikirudi yenyewe, karatasi bado ina uhai, ikimeguka, hapana uzi wala gundi itakayokiokoa kitabu hicho. Nusa. Harufu ya ukungu ikikupiga, tafuta madoa yenye manyoya. Ukungu ulio hai hupakaa ukiugusa, uliolala huwa kama unga mkavu, na wote usiuingize kwenye kabati lenye vitabu vingine. Matundu madogo ya mviringo yanayopita kurasa nyingi ni kazi ya mabuu ya mbawakawa. Kung'uta kitabu juu ya karatasi nyeupe: unga mpya ukidondoka, wadudu huenda bado wamo, na wiki mbili kwenye friza ya nyumbani, ndani ya mfuko uliozibwa vizuri, huwamaliza. Kisha uache mfuko urudi kwenye joto la chumba kwa siku nzima kabla ya kuufungua, la sivyo umande utatua juu ya kitabu.

Kuna pia namna ya kukitambua kitabu kilichopitiwa na gilotini, na ningependa kila anayenunua barabarani aijue, kwa sababu wauzaji wengi hawasemi. Karatasi huzeeka kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo ukingo huwa mweusi kuliko uso wa ukurasa. Ukikuta kitabu cha miaka sabini chenye ukingo mweupe na mkali huku uso wa kurasa ni wa kahawia, kimekatwa. Tazama pambizo: zikiwa nyembamba juu kuliko chini, au maandishi ya mtu yamekatika nusu, jibu umelipata.

Na kwa kuwa nimewataja akina Krapf, niseme lile la siku zote. Kamusi ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, na mwaka 1969 Negro Universities Press ya New York iliichapa tena kwa kupiga picha kurasa za zamani. Ndiyo maana unaweza kukuta 1882 kwenye ukurasa wa jina wa kitabu kilichotengenezwa miaka themanini na saba baadaye. Geuza ukurasa huo, soma nyuma yake na kurasa za jirani. Kama karatasi hiyo imenyofolewa, rudisha kitabu mezani. Chapa ile ni chombo kizuri cha kazi, nami ninaitumia, lakini asije mtu kuilipia bei ya 1882.

Kijana aliniuliza baadaye kama akivunje kitabu kile na kuanza upya. Hapana. Kila mara gundi ile inapobanduliwa itaondoka na ngozi ya karatasi, na kilichokatwa hakirudi. Namshauri aende kwa mjalidi kesho asubuhi, aulize kama jalada la zamani bado liko kwenye taka za karatasi. Wajalidi huwa hawamwagi kila siku. Likipatikana, aliweke kwenye folda kando ya kitabu, asiligundishe popote. Kisha, kwenye karatasi tupu ya mwanzo, aandike kwa penseli laini kwamba kitabu kimekatwa pande zote na kujalidiwa upya, mwaka gani, na kwamba jalada la asili liko kando au limepotea, ili atakayekinunua kwake ajue anacholipia. Na nakala nyingine aendelee kuitafuta, akiikuta na kutu ya pini ailipie bila wasiwasi.